Ihame hidridi au ihame methili? Namna ya kujua zao la mwisho kabla ya kuchora mshale

Wanafunzi wanaokuja kwangu Jumapili kwa marudio ya kemia huleta swali lilelile kila mwaka, na wengi huja nalo likiwa limeshawala alama kwenye mtihani. Wanajua kwamba kabokationi, ile kaboni yenye chaji chanya, inaweza kujipanga upya. Wanajua pia kwamba hidridi huhama, na methili huhama. Kinachowashinda ni kuchagua. Molekuli iko mbele yao, kalamu mkononi: wahamishe ipi? Au waache kila kitu kilipo? Wengine wamekariri kanuni ya mkato, eti hidridi hushinda kila mara kwa sababu ni ndogo, na kanuni hiyo huwatupa siku wanayoihitaji.

Mimi mwenyewe imenitia aibu, ila kwa upande wa pili. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha marudio hapa Bukavu, kwenye ubao wa tripleksi niliopaka rangi nyeusi mwenyewe, nilihamisha methili mahali palipotaka hidridi. Nilikuwa nimeshaanza kuandika zao kwa madaha. Msichana mmoja aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono: "Samahani Mwalimu. Chaji ilikuwa daraja la pili, na sasa imefika daraja la pili. Imehama kufuata nini?" Nilifuta ubao kwa kiganja. Tangu siku ile swali lake ndilo ninaloanza nalo, na ulinganisho huu wote umejengwa juu yake.

Mezani situmii mipira ya plastiki ya maabara, kwa kuwa sina. Kifuniko cha chupa ya soda ni kaboni. Punje ya mahindi ni hidrojeni, punje ya haragi ni kikundi cha methili, CH3. Kifuniko kilichogeuzwa mdomo juu ndicho kaboni yenye chaji: kiko wazi, kinangoja elektroni. Ukiwa na vifuniko sita na kiganja cha nafaka, mifano yote iliyo hapa chini unaweza kuipanga mwenyewe.

Vipimo tutakavyotumia kwa pande zote mbili

Kabla ya vipimo, tukubaliane ni nini hasa kinachohama. Hidridi ni hidrojeni inayoondoka na elektroni zote mbili za kifungo chake. Usiichanganye na protoni, ambayo huondoka mikono mitupu. Methili nayo huhama vivyo hivyo, ikiwa imebeba jozi yake ya elektroni. Zote mbili hutoka kwenye kaboni ya jirani tu, ile iliyoshikana moja kwa moja na yenye chaji. Na kwa kuwa aliyehama amebeba elektroni, chaji chanya inabaki pale alipotoka. Ni kama kiti ndani ya taksibasi: abiria akisogea dirishani, nafasi wazi inakuja upande wa mlangoni.

Kipimo cha kwanza: nani yuko kwenye kaboni ya jirani? Huwezi kuhamisha hidridi mahali pasipo na hidrojeni. Inaonekana rahisi kama kuhesabu vidole, lakini nusu ya makosa ninayosahihisha yanaanzia hapa, kwa sababu mchoro wa mistari huficha hidrojeni.

Kipimo cha pili ndicho kizito: akiondoka huyo, kaboni anayoiacha inabaki imeshikana na kaboni ngapi? Ikibaki na tatu, chaji imefika daraja la tatu. Ikibaki na mbili, ni daraja la pili. Daraja la tatu ndilo tulivu zaidi: tofauti ya utulivu kati ya madaraja hayo mawili, ikipimwa kwenye gesi, ni karibu kilojuli 60 kwa moli. Ndani ya kimiminika pengo hupungua, lakini bado linatosha kuamua mwelekeo.

Kipimo cha tatu: kiunzi cha kaboni kinabaki kilekile au kinabadilika? Na cha nne: kabokationi ina muda kiasi gani kabla ya kitu kuikamata? Hiki cha nne hakiamui nani ahame. Kinaamua ni molekuli ngapi zitafanikiwa kuhama, na hapo ndipo zao la mwisho linapokuwa mchanganyiko badala ya jibu moja.

Ukubwa sijauweka kati ya vipimo, na nina sababu. George Olah, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1994, alionyesha namna ya kuweka kabokationi hai ndani ya asidi kali mno zenye baridi, zikatulia kiasi cha kuweza kupigwa spektra. Katika ioni za namna hiyo za daraja la tatu, kizuizi cha kuhama hidridi ni kama kilojuli 13 kwa moli, na cha methili kama 15. Vyote viwili ni vidogo sana. Methili haichelewi mlangoni kwa sababu ya unene.

Upande wa hidridi

Tuchukue 3-methilibut-1-eni na tuipitishie kloridi ya hidrojeni, HCl.

```
(CH3)2CH–CH=CH2  +  HCl
```

Protoni inashika kaboni ya mwisho, C1, na chaji inatokea kwenye C2. Hesabu majirani wa C2: upande mmoja kuna CH3 iliyozaliwa sasa hivi, upande mwingine kuna C3. Kaboni mbili, kwa hiyo daraja la pili. Sasa geuza macho kwa C3. Mbali na C2, ina haragi mbili na punje moja ya mahindi: methili mbili, hidrojeni moja. Kwa kipimo cha kwanza, wote wana ruhusa ya kuhama.

Hapo ndipo nilipoteleza siku ile. Hamisha haragi moja kutoka C3 kwenda C2, kisha uangalie C3 imebaki na nini. Imebaki na haragi moja, punje ya mahindi, na C2. Kaboni mbili, daraja la pili. Tena ukiisoma molekuli upya kutoka upande wa pili, utakuta ni ileile uliyoanza nayo. Umesogeza vitu mezani bila kupata chochote. Rudisha haragi mahali pake na uhamishe mahindi. Sasa C3 imebaki na haragi mbili na C2. Kaboni tatu, daraja la tatu. Chaji imepata nyumba nzuri zaidi.

```
(CH3)2CH–CH(+)–CH3   →   (CH3)2C(+)–CH2–CH3
```

Kwa hiyo hidrojeni na methili zikikaa kwenye kaboni moja, hidridi ndiyo inayohama, ila sababu inatokana na hesabu. Anayeondoka anapunguza majirani wa kaboni anayoiacha. Methili ikiondoka, kaboni inapoteza jirani aliye kaboni na kubaki na hidrojeni, ambayo haisaidii kubeba chaji. Hidridi ikiondoka, hakuna jirani wa kaboni aliyepotea. Mwanafunzi aliyeelewa sentensi hizo mbili hahitaji tena ile kanuni ya udogo.

Kuhusu kiunzi, hidridi haikigusi. Mnyororo ulikuwa wa kaboni nne na tawi moja la methili, na umebaki hivyohivyo. Kilichobadilika ni mahali klorini itakapokaa. Bila kuhama tungepata 2-kloro-3-methilibutani, na baada ya kuhama tunapata 2-kloro-2-methilibutani. Hidridi inahamisha anwani, nyumba haiguswi.

Na muda je? Ioni ya kloridi iko palepale, inaweza kuikamata C2 kabla hidridi haijavuka. Ndiyo maana mmenyuko huu hautoi zao moja. Vitabu hutofautiana kidogo: vingine vinasema karibu nusu kwa nusu, vingine vinasema 40 kwa 60, sehemu kubwa ikiwa ya lile lililohama. Mwanafunzi anayeandika zao moja tu amekosa nusu ya habari, hata kama ameandika lile lililo kubwa. Ukiulizwa zao kuu, andika lililohama. Ukiulizwa mazao, andika yote mawili.

Upande huu wa hidridi unazifaa molekuli ambazo jirani wa chaji ana tawi na bado amebakiza hidrojeni moja. Hizo ndizo nyingi kwenye mitihani ya mwaka wa pili.

Upande wa methili

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu. Ile punje ya mahindi iliyokuwa C3, iondoe na uweke haragi. Tumepata 3,3-dimethilibut-1-eni.

```
(CH3)3C–CH=CH2  +  HCl
```

Protoni inafanya kilekile: inashika C1, na chaji inatokea C2, daraja la pili. Lakini C3 sasa ina haragi tatu, haina hata hidrojeni moja. Kwa kipimo cha kwanza, hidridi haimo kwenye mashindano. Nimeona wanafunzi wakichomoa hidrojeni kutoka kwenye methili zenyewe na kuirusha hadi C2. Huko ni kuruka nyumba ya jirani, na tena kungeacha chaji kwenye kaboni ya daraja la kwanza. Hapana.

Kipimo cha pili: haragi moja ikihama kutoka C3 kwenda C2, C3 inabaki na haragi mbili pamoja na C2. Kaboni tatu. Angalia tofauti na mfano uliopita. Kule methili ilipoondoka iliacha daraja la pili, kwa sababu palikuwa na hidrojeni ya kubaki. Hapa imeacha daraja la tatu. Methili ni ileile, safari ni ileile, na hukumu imegeuka kwa sababu ya wale waliobaki nyuma.

```
(CH3)3C–CH(+)–CH3   →   (CH3)2C(+)–CH(CH3)2
```

Kwenye kiunzi ndiko methili inakojitenga kabisa na hidridi. Tulianza na kaboni moja iliyobeba methili tatu, tumemaliza na kaboni mbili jirani zenye matawi. Nyumba yenyewe imebomolewa na kujengwa upya. Kloridi ikishika, zao lililohama ni 2-kloro-2,3-dimethilibutani, na lile ambalo halikuhama ni 3-kloro-2,2-dimethilibutani. Mwanafunzi anayehamisha chaji bila kuhamisha tawi kwenye mchoro wake atatoa kaboni yenye vifungo vitano, na hapo hakuna mwalimu atakayemhurumia. Baada ya kuhamisha, hesabu kaboni zote: zilikuwa sita, lazima zibaki sita. Kisha hesabu vifungo vya kila moja.

Kuhusu muda, HCl inatoa mchanganyiko hapa pia, kwa sababu ileile ya kloridi inayongoja. Lakini ukiifikia kabokationi hiyohiyo kwa njia nyingine, yaani kwa kuondoa maji kwenye alkoholi ya kiunzi hicho kwa asidi na joto, picha inabadilika sana. Mfano unaojulikana vitabuni hutoa karibu asilimia 64 ya 2,3-dimethilibut-2-eni, asilimia 33 ya 2,3-dimethilibut-1-eni, na asilimia 3 tu ya alkeni ambayo haikuhama. Hakuna kloridi ya kukamata, na alkeni ya mwisho wa mnyororo ikitokea, asidi inaweza kuirudishia protoni na kuirejesha kwenye kabokationi. Kwa hiyo kabokationi ileile hukupa mgawanyo tofauti kufuatana na aliye nayo ndani ya chupa. Hili huwa nalikazia mpaka wanachoka, kwa sababu silabasi nyingi huchora mshale wa kuhama na kuishia hapo.

Upande wa methili unazifaa molekuli ambazo jirani wa chaji amejaa kaboni, hana hidrojeni ya kutoa.

Zote mbili zikikaa mezani, upande huu na upande ule

Mifano hiyo miwili ni safi mno. Kwenye mtihani wa kweli chaji huwa na jirani kulia na jirani kushoto, na kila mmoja anatoa pendekezo lake. Mfano ninaoupenda ni 2,2-dimethilipentan-3-oli ikiondolewa maji kwa asidi na joto.

```
(CH3)3C–CH(OH)–CH2–CH3
```

Asidi inaipa OH protoni, maji yanaondoka, chaji inabaki C3. Ni daraja la pili. Kushoto kuna C2, imejaa: methili tatu, hidrojeni hakuna. Kulia kuna C4, yenye hidrojeni mbili na methili ya mwisho.

Mwenye kanuni ya udogo anaruka kulia mara moja, maana ameona hidrojeni. Mwache ahamishe. C4 inabaki na hidrojeni moja, methili, na C3: kaboni mbili, daraja la pili. Lile swali la msichana wa mlangoni linarudi: imehama kufuata nini? Sasa jaribu kushoto. Methili ikitoka C2 kwenda C3, C2 inabaki na methili mbili na C3. Daraja la tatu. Methili imeshinda hapa ijapokuwa hidridi ilikuwepo.

```
(CH3)2C(+)–CH(CH3)–CH2–CH3
```

Usiweke kalamu chini bado. Chaji sasa iko C2, na jirani yake C3 ana hidrojeni moja. Hidridi hiyo ikivuka, chaji inafika C3, ambayo imeshikana na C2, na methili iliyohamia, na C4. Daraja la tatu tena. Safari hiyo haina faida kubwa wala hasara kubwa, kwa hiyo inawezekana kwenda na kurudi, na ioni zote mbili zipo kwenye chupa. Tunazitenganisha kwa alkeni zinazotoka. Chaji ikiwa C2, protoni ikitoka C3, tunapata 2,3-dimethilipent-2-eni, yenye kaboni nne kuzunguka kifungo maradufu. Chaji ikiwa C3, protoni ikitoka C2 inatoa alkeni hiyohiyo. Hilo ndilo zao kuu, kwa kuwa alkeni yenye vikundi vingi zaidi ndiyo tulivu zaidi, na hapa njia mbili zinamwaga mto mmoja. Pembeni yake kutakuwa na 2,3-dimethilipent-1-eni na 3,4-dimethilipent-2-eni kwa viwango vidogo.

Unaona basi kwamba kuuliza "hidridi au methili" kwa molekuli nzima ni kuuliza vibaya. Swali linaulizwa kwa kila jirani, na linaulizwa tena baada ya kila hatua, mpaka ufike mahali ambapo hakuna jirani anayeweza kukupandisha daraja.

Chaguo la tatu: kutohamisha

Hili watu hulisahau, nalo lina haki sawa. Kuhama kunahitaji kabokationi. Kama mmenyuko haupitii kabokationi, kila mshale wa kuhama ni kosa, hata uwe mzuri vipi. Bromini, Br2, ikishika alkeni hupita kwenye pete yenye bromini, hakuna kuhama. Kuongeza boroni na hidrojeni kisha kuoksidisha, hakuna kuhama. Asetati ya zebaki na maji, hakuna kuhama, kwa sababu zebaki hushikilia kaboni zote mbili kwa pamoja. Ubadilishaji wa moja kwa moja, ambapo nukleofili inaingia kwa nyuma wakati kikundi kingine kinaondoka, hauachi nafasi ya kuhama pia.

Na hata kama kabokationi ipo, kuna wakati jibu ni kuiacha. 2-methilibut-2-eni ikipewa HCl huweka chaji daraja la tatu moja kwa moja. Majirani wake wote wangeishusha. Hapo hakuna cha kuhamisha.

Utajuaje kwamba imehama kweli?

Kwenye maabara nyingi za kwetu kipimo kinachopatikana ni nitrati ya fedha ndani ya ethanoli. Kloridi ya daraja la tatu huifanya iwe na ukungu mweupe upesi kwenye joto la kawaida, wakati ya daraja la pili husubiri, au hutaka kupashwa moto. Kuna mtego mmoja. Ukiitia sampuli moja kwa moja kutoka kwenye mmenyuko, HCl iliyobaki itatoa ukungu papo hapo, na utashangilia kuhama ambako hujakuthibitisha. Osha kwanza kwa maji na bikaboneti, rudia mpaka maji ya kuoshea yenyewe yasitoe ukungu na nitrati ya fedha, ndipo upime.

Hata hivyo kipimo hicho kina mpaka. Kitakuambia kuna kloridi ya daraja la tatu, hakitakuambia imefika huko kwa hidridi au kwa methili. Na kwa kuwa chenyewe hupita kwenye kabokationi, kloridi ya daraja la pili inaweza kujipanga upya ndani ya kipimo.

Anayeweza kupata spektra ya RMN ya hidrojeni ana jibu safi zaidi. Kwa mfano wa hidridi, angalia karibu na 4 ppm: hapo ndipo hidrojeni iliyo kwenye kaboni yenye klorini hujionyesha. Kloridi iliyohama haina hidrojeni mahali hapo, kwa hiyo eneo hilo linakuwa tupu, na badala yake unaona mstari mmoja wa hidrojeni sita karibu na 1,6. Kwa mfano wa methili, ishara ni kubwa zaidi: zile hidrojeni tisa za methili tatu zinazofanana, zilizokuwa zikisimama kama mstari mmoja mrefu, zinatoweka. Zinakuja hidrojeni sita kwenye mstari mmoja, na sita nyingine zilizogawanyika mara mbili. Mstari wa tisa ukipotea, kiunzi kimevunjwa, na hiyo ni kazi ya methili.

Uchague lipi, kufuatana na ulichonacho

Kama jirani wa chaji ana matawi mawili na hidrojeni moja, hamisha hidridi. Alkoholi 3-methilibutan-2-oli ikipewa HBr ni ya familia hii, na zao lake kuu ni 2-bromo-2-methilibutani.

Kama jirani amejaa kaboni tatu mbali na ile yenye chaji, hamisha methili, kisha chora upya kiunzi chote badala ya kurekebisha mchoro wa zamani. Ikiwa mmoja wa hao watatu ni pete ya benzini, basi pete ndiyo inayotangulia kuhama kuliko methili. Na kama kaboni zenyewe zimo ndani ya pete, angalia pia kama kifungo cha pete kinaweza kuhama na kuifanya pete iwe ndogo. 2,2-dimethilisikloheksanoli, kwa mfano, hutoa 1,2-dimethilisikloheks-1-eni kwa kuhama methili, na pembeni hutoa alkeni za pete ya kaboni tano.

Kama majirani wawili wanapingana, pima kila upande kwa kipimo cha pili na ufuate unaofika daraja la juu. Pande zote mbili zikikuacha ulipo, usihamishe.

Kama mmenyuko una nukleofili nyingi inayongoja, kama kloridi, andika mazao yote mawili, lililohama na lisilohama. Kama ni asidi na joto bila nukleofili nzuri, lililohama litatawala, na kazi iliyobaki ni kuchagua alkeni yenye vikundi vingi.

Kama wewe ndiye unayetengeneza na hutaki kuhama, badilisha njia. Unataka 3,3-dimethilibutan-2-oli kutoka 3,3-dimethilibut-1-eni? Maji na asidi vitakuharibia kiunzi. Asetati ya zebaki na maji, kisha borohidridi ya sodiamu, vitaweka OH kwenye C2 na methili tatu zitabaki mahali pake. Zebaki ni sumu, kwa hiyo mabaki yake yana chupa yake yenye lebo, hayamwagwi kwenye sinki linaloishia ziwani.

Na kama kikundi kinachoondoka kiko kwenye kaboni ya daraja la kwanza huku jirani amejaa, kama kwenye bromidi ya neopentili, (CH3)3C–CH2–Br, usichore kabokationi huru ya daraja la kwanza. Nukleofili haiwezi kuingia kwa nyuma kwa sababu methili tatu zimeziba njia, na kaboni ile haiwezi kubeba chaji peke yake. Ukiichemsha taratibu ndani ya ethanoli, methili huvuka wakati uleule bromini inapoondoka, mishale miwili kwa pamoja, na chaji inaibukia moja kwa moja daraja la tatu. Frank Whitmore alieleza mwaka 1932 mantiki moja inayounganisha mihamo ya namna hii, na neopentili ilikuwa kati ya mifano aliyoishughulikia. Utapata etha yenye oksijeni kwenye kaboni ya daraja la tatu, pamoja na 2-methilibut-2-eni. Mwanafunzi akinichorea hilo kwa hatua mbili, kwanza chaji kwenye CH2 halafu kuhama, namrudishia karatasi na vifuniko viwili vya soda, aipange mezani tena.